Kweli au Si Kweli: Nani Mwenye Pamba ya Simiyu?

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa rasmi mwaka 2012, ukamegwa zaidi kutoka Shinyanga na kidogo kutoka Mwanza, makao makuu yakiwa Bariadi. Hakuna mkoa Tanzania unaolima pamba nyingi kuliko huu. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua uchumi mchanganyiko ni nini hasa, yaani uchumi ambamo soko la watu binafsi na mkono wa serikali vinafanya kazi kwenye bidhaa ileile, hana haja ya kwenda mbali. Afuate kilo moja ya pamba kutoka shambani Itilima au Meatu hadi melini, akiuliza kila inapobadilisha mikono: hapa mwenye mali ni nani, na hasara ikitokea inamwangukia nani?

Maneno yanayosemwa vijiweni na hata kwenye mikutano ya hadhara kuhusu zao hili ni mengi. Nimechukua manne ambayo naona yanawapoteza watu zaidi.

«Zamani pamba ilikuwa ya serikali, tangu 1994 ni ya wafanyabiashara.»
Si kweli, kote kuwili.

Tuanze na hiyo zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, eneo ambalo leo ni Bariadi likiwa bado sehemu ya wilaya ya Maswa, pamba ya mkulima ilinunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kiasia, na kuchambuliwa kwenye viwanda vya watu binafsi. Malalamiko makubwa yalikuwa ya mizani. Wakulima walijipanga, mmoja wa viongozi wao akiwa Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda muungano wa Victoria Federation of Co-operative Unions. Muungano huo ulikua kwa kasi, ukachukua ununuzi, ukaanza kumiliki viwanda vya kuchambua. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa na bodi yake iliyosimamia uuzaji wa nyuzi na mbegu. Hesabu mikono hapo: mkulima mwenye shamba, ushirika wenye mizani, kiwanda cha mtu binafsi au cha ushirika, bodi ya serikali yenye mauzo. Uchumi mchanganyiko ulikuwapo kabla hata bendera ya uhuru haijapandishwa.

Kipindi ambacho kweli serikali ilishika karibu kila kitu kilikuwa kifupi kuliko watu wanavyokumbuka. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mamlaka ya Pamba iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, mamlaka ikawa ndiyo mnunuzi. Mapungufu yalionekana upesi. Mnunuzi akiwa mmoja na fedha yake ikachelewa, mkulima hana pa kwenda kwingine. Anachoweza ni kupunguza ekari, na ndicho walichofanya wengi. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na kwa upande wetu ikaja SHIRECU, chama kikuu cha Shinyanga. Lakini ushirika uliorudi haukuwa ule wa 1955. Uliundwa kutoka juu, ukarithi mitambo iliyochoka, ukaishi kwa mikopo ya benki ya serikali, na madeni yakaulemea.

Mwaka 1994 soko lilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia kwa wingi. Hata hivyo serikali haikuondoka. Utafiti wa mbegu ulibaki Ukiriguru, kituo cha umma karibu na Mwanza, na uko huko mpaka leo chini ya TARI. Sheria ya mwaka 2001 iliweka Bodi ya Pamba kuwa mdhibiti: inatoa leseni za kununua, inasimamia ubora, inafungua msimu. Na kuanzia msimu wa 2018 serikali ilielekeza pamba ipitie vyama vya msingi vya wakulima, AMCOS, badala ya mawakala wa wanunuzi kutandaza mizani popote. Kilichobadilika katika miaka hii yote ni nani anashika hatua ipi. Hatua zote hazijawahi kuwa za mkono mmoja ila kwa miaka michache, na miaka hiyo hatuna sababu ya kuitamani.

«Bei ya pamba inapangwa na serikali.»
Nusu kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoumiza.

Kila msimu unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, hutangazwa bei ya kuanzia, ambayo wengi huiita bei elekezi. Mkulima akisikia redioni, anaelewa kwamba serikali imeamua. Ila sehemu kubwa ya nyuzi za Tanzania huuzwa nje ya nchi, na huko hakuna anayesubiri tangazo letu. Tupige hesabu kwa nambari za mfano, nilizozifanya nyepesi ili njia ionekane.

Chukua kilo 100 za pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyotoka shambani na mbegu zake ndani. Kiwandani zinatoa nyuzi kilo 34 hivi na mbegu kilo 63. Zilizobaki ni takataka na upotevu. Tuseme kilo ya nyuzi ikifika bandari ya Dar es Salaam inamlipa mwenye kiwanda shilingi 3,800. Kilo 34 zitaleta shilingi 129,200. Mbegu zinakwenda kukamuliwa mafuta na mashudu. Tukiziuza kwa shilingi 350 kwa kilo tunapata 22,050. Jumla ni 151,250, sawa na shilingi 1,512 kwa kila kilo ya pamba iliyotoka shambani. Kutoka hapo toa ushuru wa AMCOS, usafiri, uchambuaji, riba ya benki, na ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 na hulipwa na mnunuzi. Tuseme vyote hivi vinakula shilingi 450. Inabaki 1,060 hivi, na hicho ndicho kiwango cha juu ambacho mnunuzi anaweza kulipa bila faida na bila hasara.

Sasa nyuzi zikishuka duniani kutoka 3,800 hadi 3,300, gharama hazishuki nazo. Rudia hesabu: kilo ileile ya pamba inaweza kubeba shilingi 890 tu. Kama bei iliyotangazwa ilikuwa 1,060, mnunuzi anapoteza shilingi 170 kwa kila kilo. Akinunua tani 1,000, amepoteza shilingi milioni 170. Hatanunua. Atasema fedha ya benki haijatoka, atasema magari yana matatizo, lakini ukweli uko kwenye hesabu hiyo.

Hivi ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019. Msimu wa 2018 bei ilikuwa shilingi 1,100. Wa 2019 ikatangazwa 1,200. Katikati ya mwaka 2018 pauni moja ya nyuzi ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya senti 90 za dola katika soko la dunia. Agosti 2019, mvutano wa biashara kati ya Marekani na China ukiwa umepamba moto, ilikuwa karibu na senti 70. Wanunuzi walisita, pamba ikarundikana kwenye maghala ya vijijini, na wakulima wengi wa Simiyu walisubiri malipo yao kwa miezi. Viongozi wa juu wa serikali walilazimika kukaa na mabenki na wanunuzi kutafuta njia. Mwaka uliofuata bei ya kuanzia ilikuwa 810.

Watu wengi walilaumu upande mmoja: ama wafanyabiashara ni wanyonyaji, ama serikali imeingilia soko. Nadhani kosa lilikuwa pengine, nalo ni mahususi. Serikali inaweza kabisa kumhakikishia mkulima bei, na nchi nyingi hufanya hivyo, lakini ahadi ya bei ni deni linalosubiri mlipaji. Lazima ijulikane mapema nani atalipa tofauti soko likishuka: hazina, mfuko uliokusanywa miaka ya neema, au mnunuzi. Kama haijaandikwa popote, mlipaji wa mwisho anakuwa mkulima mwenyewe, si kwa kukatwa bei bali kwa kusubiri. Mtu aliyeuza kilo 800 kwa ahadi ya 1,200 akalipwa baada ya miezi mitano, huku ameshakopa kwa jirani ada ya mtoto na mbegu za mahindi, hakupata 1,200.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana mwaka 2022. Mei ya mwaka huo pauni ya nyuzi ilipita senti 150, msimu ukafunguliwa kwa shilingi 1,560, na wanunuzi wakashindana kupanda juu ya hapo. Mwaka 2023 bei ya kuanzia ikarudi 1,060. Bei elekezi kwa hiyo ni kama sakafu ya nyumba: inakuzuia kuanguka pale tu inapokuwa imejengwa juu ya kitu.

Na asitokee mtu akatuambia kwamba hilo soko la dunia ni soko huria tupu. Wakulima wa pamba wa Marekani hulipwa ruzuku na serikali yao, tena kubwa kiasi kwamba Brazil ilipeleka shauri Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002 na kushinda. Mwaka 2014 pande hizo zilimaliza kwa Marekani kukubali kulipa dola milioni 300 kwa taasisi ya pamba ya Brazil. China ilinunua pamba ya wakulima wake kwa bei iliyopangwa kuanzia mwaka 2011 na kujaza maghala ya taifa, ikasukuma bei ya dunia juu kwa muda na kisha kuizuia isipande wakati wa kuitoa pamba hiyo. Mkulima wa Maswa anashindana na hazina za mataifa hayo. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali wamelipigia kelele jambo hili Geneva tangu 2003, na wana haki.

«AMCOS ni ofisi ya serikali.»
Si kweli, ingawa naelewa kwa nini watu wanasema hivyo.

AMCOS ni mali ya wanachama. Wanalipa kiingilio, wananunua hisa, wanachagua bodi, na mkutano mkuu wao ndio wenye kauli ya mwisho, kwa mujibu wa sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 2013. Serikali ina nafasi mbili tu za kudumu hapo: Tume ya Maendeleo ya Ushirika inayosajili na kusimamia, na COASCO, shirika la umma linalokagua hesabu. Hiyo ni aina ya tatu ya umiliki, si ya mtu binafsi wala ya serikali, na kwenye mjadala wa uchumi mchanganyiko huwa inasahaulika.

Tatizo ni kwamba wanachama walikuta AMCOS imefika kwa maelekezo, na mtu hachungi mali asiyoiona kuwa yake. Karani akipunja kwenye mizani, mwanachama anasema «serikali imetuibia», halafu anakwenda nyumbani. Kumbe karani huyo ameajiriwa na yeye. Ipo njia rahisi ya kujua chama chako kiko hai au kimebaki jina: uliza ripoti ya mwisho ya ukaguzi ilisomwa lini mbele ya wanachama, na ushuru ambao chama hupata kwa kila kilo ulitumikaje. Bodi inayojibu kwa nambari ni ya chama. Bodi inayojibu kwa kutaja maelekezo kutoka wilayani imeshageuka kuwa ofisi kweli, na waliogeuza ni pamoja na wanachama wasiohudhuria mkutano.

Mkulima mwenye akaunti atalipwa kupitia benki, na hapo mchanganyiko unazidi kuingia ndani. NMB, benki ambayo tawi lake mtu wa Bariadi analijua, iliuzwa kwa sehemu kwa wawekezaji mwaka 2005, ikaorodheshwa kwenye soko la hisa mwaka 2008, na bado serikali inashika karibu theluthi moja ya hisa zake. Si ya umma, si ya binafsi. Pamba yenyewe ikitoka kiwandani itapita barabara ya umma kwa lori la mtu binafsi, au itapandishwa kwenye reli ya serikali huko Malampaka.

«Wanunuzi wakiwa wengi, mkulima anafaidi siku zote.»
Kweli siku ya kuuza. Si kweli siku ya kupanda.

Hapa pana utajiri wa mambo ambayo mjadala wa soko na serikali huyaruka. Pamba ni zao linaloliwa na wadudu kuliko mengi; funza wa vitumba peke yake anaweza kumwacha mtu na miti mitupu. Mkulima anahitaji mbegu Novemba na viuadudu kati ya Januari na Machi, miezi ambayo mfukoni hamna kitu. Zamani ushirika ulimkopesha na kukata wakati wa kununua, na uliweza kwa sababu hakuwa na pengine pa kuuza. Soko lilipofunguliwa 1994, dhamana hiyo ilikufa. Mnunuzi aliyekukopesha dawa anakuja Mei akute umeshamuuzia mwingine, ambaye hakukopesha mtu na kwa hiyo anaweza kukupa shilingi 50 zaidi. Msimu unaofuata hakuna anayekopesha. Hakuna mwizi hapo. Kila mmoja amefanya lenye manufaa kwake, na wote wamekosa dawa.

Ubora nao ulianguka. Wanunuzi waliokimbizana kujaza magari hawakuwa na muda wa kutenganisha pamba safi na pamba fifi. Kama safi na chafu zinalipwa sawa, kwa nini mtu akae anachambua? Wengine waliongeza maji na mchanga ili mizani iseme zaidi. Mbegu za aina tofauti zilichanganyika viwandani na kurudi mashambani zikiwa hazijulikani asili yake. Pamba ya Tanzania, iliyokuwa ikilipwa zaidi kwa uzuri wake kwa vile ilichambuliwa kwa mitambo ya rola isiyokata nyuzi, ilipoteza sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ya bei.

Dawa zilizojaribiwa ni nyingi. Kwa miaka kadhaa ulikuwapo mfumo wa vitabu: kila aliyeuza aliandikiwa kiasi cha pembejeo anachostahili msimu unaokuja, fedha zikitoka kwenye makato ya mfuko wa maendeleo ya zao, bila kujali alimuuzia nani. Wazo lilikuwa zuri, kwa sababu liliacha ushindani wa bei ukaendelea huku gharama ya pembejeo ikibebwa na wote. Udhaifu wake ulikuwa kwamba kitabu kinaweza kuuzwa, na dawa inaweza kufika wadudu wameshashiba. Ukajaribiwa kilimo cha mkataba, kila mwenye kiwanda akipewa eneo lake. Hicho kilirudisha mkopo lakini kilipunguza ushindani, na wakulima wengi walilalamika kwamba wamefungwa kwa mnunuzi mmoja kama enzi za mamlaka. Mkataba uliodumu zaidi mkoani ninaoufahamu ni wa bioRe kule Meatu, ulioanza mwaka 1994 na pamba hai inayouzwa kwa kampuni ya Uswisi. Umedumu kwa sababu pamba hiyo ina bei ya nyongeza inayomfanya mkulima asitamani mnunuzi wa pembeni, na kwa sababu shamba hukaguliwa. Si jambo la kuhamishia mkoa mzima, maana wanunuzi wa pamba hai duniani si wengi kiasi hicho.

Kila mfumo kati ya hiyo ni jibu la swali moja: ushindani unafaa hatua gani, na mkono wa pamoja unafaa hatua gani. Kwa maoni yangu, baada ya kutazama miaka 30 ya kwenda na kurudi, mpaka unaonekana vizuri. Kununua, kuchambua, kusafirisha na kuuza nje vinakwenda vyema mikononi mwa wengi wanaoshindana. Mbegu, mkopo wa pembejeo, uhakiki wa mizani na madaraja haviwezi kuachwa kwa mnunuzi mmoja mmoja, kwa sababu anayevigharamia siye peke yake anayevuna.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni maotea. Pamba ikishavunwa, miti inatakiwa ing'olewe na kuchomwa kabla ya Septemba 15, maana funza na magonjwa hujificha kwenye masalia wakisubiri mvua. Kwa mkulima mmoja mmoja kazi hiyo haina malipo. Akiifanya na jirani asiifanye, funza watavuka mpaka. Akiacha na majirani wote wakifanya, atafaidi jasho lao. Hakuna mnunuzi atakayeongeza bei kwa sababu ulichoma masalia, na hakuna benki itakayokukopesha kwa ajili hiyo. Ndiyo maana tarehe ipo kisheria na afisa ugani hupita kukagua. Vijiji ambavyo serikali yake ya kijiji hupanga siku ya pamoja, mashamba yote yakisafishwa wiki moja, huanza msimu na wadudu wachache, na mkulima hulazimika kununua chupa chache za dawa kutoka kwa mwenye duka wa Bariadi mjini.